Vegani mwaka wa 5, B12 imesoma 310: nibaki na spirulina au ninunue vidonge?

Majani_Matupu
Wakuu heshima zenu. Nina miaka 34, mwaka wa 5 huu sigusi chochote cha mnyama, nyama samaki mayai maziwa vyote hapana, hata asali niliacha. Siku hizi nachokachoka hovyo nikaenda kupima damu, hemoglobini 13.1, B12 ikasoma 310 na kwenye karatasi wameandika kawaida. Sasa kuna mtu ananisumbua nianze vidonge vya B12 wakati natumia spirulina ya unga kijiko kila asubuhi na kwenye mkebe wameandika kabisa ina B12 nyingi. Swali ni moja tu, nibaki nayo au ninunue vidonge? Mimi kemikali sipendi, tangu nianze maisha haya sijameza kidonge hata kimoja.

Jino_Moja
Miaka 5 bila hata yai? Dada wewe hujachoka, una njaa 😂😂

Mama_Pacha
Ndo shida ya kujifanya mnajua kuliko aliyetuumba. Wanyama tumepewa tule, mtu anakataa kilicho mezani halafu anakuja kuuliza kwa nini hana nguvu.

Babu_Kijiti
Mama Pacha tulia, B12 hata mnyama hatengenezi, wanatengeneza bakteria, ng'ombe mwenyewe anaipata kwa walioko tumboni mwake. Binti usihangaike, ini linatunza akiba ya miaka kibao, 3 hadi 5 hivi. We mboga usizioshe sana tu, udongo una bakteria, utapata humo humo.

Darubini
Babu umepatia mwanzo umeharibu mwisho. Huo udongo utampa minyoo kabla haujampa B12. Na kama akiba ni ya miaka 3 hadi 5 na yeye yuko mwaka wa 5, si unaona imefika wapi?
Dada, naomba unijibu kabla sijasema kitu. Miguu ikoje? Kuna ganzi au kuchomachoma? Na ukifumba macho umesimama, unayumba?

Majani_Matupu
Mh. Hayo sikuona kama yanahusika. Nyayo zina ganzi, miezi 7 sasa, miguu yote miwili, nahisi kama nakanyaga pamba. Juzi ndala ilinivuka nikatembea hatua kadhaa sina habari mpaka mwanangu akaniambia. Na nikinawa uso huwa nashikilia sinki, maana nikifumba macho naona kama nataka kuanguka. Nilijua ni kukaa sana kwenye kiti cha ofisini.

Darubini
Si kiti hicho. Kuna kitu kingine unameza? Hata kama wewe hukiiti dawa.

Majani_Matupu
Foliki tu, na hiyo ni vitamini ya majani si dawa. Mwaka jana damu ilishuka mpaka 9.8, wakasema chembe nyekundu zimekuwa kubwa kubwa, nikaandikiwa foliki miligramu 5 kwa siku. Ilipanda vizuri nikaendelea nayo mwenyewe. Ndo maana nasema B12 haiwezi kuwa tatizo, ingekuwa B12 damu isingepanda.

Darubini
Hapo ndipo ulipojificha ugonjwa dada yangu. Nimefanya kazi maabara miaka mingi, hii naijua. Chembe kubwa kubwa zinatokea foliki ikipungua, zinatokea pia B12 ikipungua, ukiziangalia kwenye darubini ni zile zile. Ukimpa foliki nyingi mtu mwenye upungufu wa B12 damu inapanda, kila mtu anafurahi, lakini neva foliki haizisaidii, zinaendelea kuharibika kimya kimya. Wewe damu imepona na miguu imekufa ganzi, angalia miezi yako, ganzi imeanza foliki ukiwa nayo tayari.
Sasa hiyo 310. Spirulina ina kitu kinachofanana sana na B12 lakini mwilini hakifanyi kazi yake, na baadhi ya vipimo vinakihesabu humo humo. Hata bila spirulina, 310 yenye ganzi si namba ya kulalia. Mwambie daktari akupime asidi ya methilimaloniki, hiyo inapanda pale B12 inayofanya kazi kweli inapokosekana kwenye seli, haidanganywi na spirulina. Ila figo zikiwa na shida nayo inapanda, kwa hiyo waangalie na figo.

Sukari_Guru
Jamani mimi nyama nakula vizuri tu na yalinikuta haya haya! Nina kisukari, nimemeza metiformini miaka 11, miguu inawaka usiku, kila nikienda naambiwa ni sukari ni sukari. Siku daktari mmoja kijana kapima B12 ikaja 140. Nikachomwa sindano, kuwaka kumepungua, hakujaisha. Kwa hiyo we dada kapime sukari.

Majani_Matupu
Sukari iko sawa. Lakini jamani spirulina nimeshalipia mikebe 6, inakuja wiki hii. Si naweza kuimaliza kwanza halafu nipime tena? Au nihamie maziwa ya soya yaliyoongezwa B12, angalau hayo ni chakula.

Kichwa_Ngumu
Mimi naona tunachezewa hapa. Akaunti ya leo, posti ya kwanza "sijameza kidonge hata kimoja", ya tatu ana mwaka anameza foliki. Spirulina kaitaja kila mahali, mara mkebe, mara mikebe 6. Kesho atakuja na namba ya simu ya kuagiza. Stori ya kutunga hii.

Jino_Moja
Muuzaji gani anatangaza bidhaa kwa kusema imemtia ganzi 😂

Kichwa_Ngumu
Basi anauza vidonge. Au ni huyo huyo Darubini kwa akaunti mbili, anajiuliza anajijibu.

Majani_Matupu
Kaka foliki sikuihesabu kama kidonge kwa sababu kichwani mwangu vidonge ni vya kuumwa. Akaunti nimefungua leo kwa sababu leo ndo nimeogopa. Usiamini, hunidai.

Darubini
Awe katunga au hajatunga, kuna mtu anasoma hapa na anashika sinki akinawa.
Maziwa ya soya ni mazuri kwa mtu mzima ambaye hajapungukiwa. Mwili unahitaji kama mikrogramu 2.4 kwa siku, na kwa mlo mmoja mlango wa kuipokea unajaa kwenye 1.5 au 2 hivi, kwa hiyo unakunywa mara 2 au 3 kwa siku, unasoma kibandiko (mengine yasiyoongezwa kitu hayana hata chembe) na unatikisa boksi maana baadhi ya vilivyoongezwa vinatuama chini. Kidonge cha mikrogramu 1000 kinapita kwa njia nyingine, asilimia 1 hivi tu inaingia, lakini asilimia 1 ya 1000 ni 10, inatosha. Na sayanokobalamini ya kwenye kidonge inatengenezwa na bakteria, hakuna mnyama humo.
Hayo ni ya kulinda. Wewe una ganzi, unatakiwa kwa daktari kesho, si baada ya mikebe 6. Damu ya kipimo itolewe kabla ya sindano ya kwanza, halafu sindano isisubiri majibu.

Sukari_Guru
Lakini kuna wanaosema kidonge cha dozi kubwa kinafika sawa na sindano?

Darubini
Kupandisha namba kwenye damu, ndiyo, wengi kinawatosha. Neva zikishaguswa madaktari wengi bado wanaanza na sindano, na mimi ningekuwa yeye ningechomwa.

Majani_Matupu
Nimerudi. Wamechukua damu, wamenichoma ya kwanza, ya pili keshokutwa. Daktari alinigusa kidole gumba cha mguu na uma wa chuma unaotetemeka, sikusikia kitu, kwenye goti nikasikia. Kasema ganzi inaweza kuchukua miezi na hakuniahidi itaisha yote. Majibu ya ile asidi bado. Foliki kasema tutaongea baadaye.

Kichwa_Ngumu
Weka picha ya karatasi.

Majani_Matupu
Siweki. Jamani na ile mikebe 6?

Jino_Moja
Pakia geti rangi ya kijani.