MREJESHO: Tarehe zilizorudi nyuma miaka minne

Swali langu lilikuwa: "Nikinakili tarehe kutoka faili la Excel lililotengenezwa kwenye Mac ya zamani, 15/03/2019 inageuka 14/03/2015. Kwa nini?"

Wakuu, asanteni sana, limetatuka. Aliyesema niangalie `Use 1904 date system` (`File > Options > Advanced`) ndiye aliyelenga. Kisanduku kilikuwa na tiki kwenye faili lile, lakini si kwenye langu. Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku: faili lile linahesabu kuanzia 1904, langu kuanzia 1900. Seli ile ina namba 42077, na namba hiyohiyo inasomeka tofauti kila upande. Pengo ni siku 1462, yaani miaka minne na siku moja, ndiyo maana hata siku ya mwezi haikulingana.

Ushauri wa kuondoa tiki haukufaa. Namba hazibadiliki, kwa hiyo tarehe za faili la asili nazo zikarudi nyuma. Nikairudisha haraka.

Kilichofaa ni kuandika 1462 kwenye seli tupu, kuinakili, kuchagua tarehe zilizohamishwa, kisha `Paste Special`, `Values` na `Add`. Hapo pia palikuwa na kasoro: seli zilizokuwa tupu zilijazwa 1462, zikaonyesha 01/01/1904. Kwa safu yenye mapengo nimetumia safu ya pembeni:

```
=IF(A2="","",A2+1462)
```

Kisha nikabandika matokeo kama `Values`. Tarehe zote sasa zinalingana na faili la asili.