Tupeane uzoefu: mmewezaje kuzuia watu wawili wasichukue zamu moja kwenye shiti ya pamoja?

Mwana wa Katibu (Newala)
Wakuu, salaam. Kikundi cha mzee wangu kina bloa moja ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, na kila mtu anaitaka alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaanza. Mwaka jana niliweka shiti ya Google: tarehe upande wa kushoto, unaandika jina lako mbele yake. Wiki ya pili mama mmoja kafika na mifuko yake ya salfa, akakuta bloa iko shamba la mwenzake. Kumbe jina lake lilifutwa likaandikwa la mwingine. Wenzangu mliopita huku mlifanyaje?

Kaka Dropdauni
Rahisi sana mkuu. Weka dropdown ya tarehe, kila mtu achague yake. Mimi kwenye kikundi chetu cha mpira nimeweka, imeisha hiyo.

Fundi wa Majedwali (Mtwara mjini)
Kaka, dropdown inazuia mtu asiandike kitu kisichokuwemo. Haizuii wawili kuchagua kilekile. Hapo mmebahatika tu.

Mwana wa Katibu, geuza jedwali. Kila mkulima awe na mstari wake: A jina, B shamba, C namba ya zamu. Zamu zipe namba, J01 hadi J30 za Juni, uziorodheshe F2 hadi F31. Usitumie tarehe: 7/6 kwenye shiti moja ni Juni, kwenye nyingine ni Julai. Kisha weka alama C2:C31, nenda Data > Data validation, chagua "Custom formula is", ubandike hii:

```
=AND(COUNTIF($C$2:$C$31,C2)=1,COUNTIF($F$2:$F$31,C2)=1)
```

Nusu ya kwanza inakataa zamu iliyokwisha kuchukuliwa. Ya pili inakataa namba isiyokuwemo F. Mimi mwanzoni niliiacha ya pili, mtu akaandika J07 akagusa nafasi mwishoni. Kwa macho ni J07, kwa fomula ni kitu kingine, ikapita. Herufi kubwa na ndogo zisikusumbue, j07 inahesabika ileile.

Na chini kabisa chagua "Reject the input". Ukiacha "Show a warning" inaweka tu kipembe chekundu kwenye kona ya seli, na hakuna anayekitazama.

Ili watu waone zilizobaki, G2 andika hii uiburute hadi G31:

```
=IFERROR(INDEX($A$2:$A$31,MATCH(F2,$C$2:$C$31,0)),"WAZI")
```

Binti wa Nachingwea
Samahani wakuu, hiyo bloa mmenunua wapi? Ya kwetu inazimika kila ikipata moto.

Mwana wa Katibu
Dada, fungua uzi wako, tutakuja kukusaidia 😂 Fundi, nimejaribu, inakataa kweli. Lakini shemeji yangu kanakili seli ya B akaibandika kwenye C, sasa seli hiyo inakubali chochote.

Fundi wa Majedwali
Ndiyo, seli iliyonakiliwa inakuja na masharti yake na kufuta ya pale. Waambie waandike kwa mkono, na wewe rudisha sharti safu nzima kila jioni. Pia funga kwingine kote: Data > Protect sheets and ranges, chagua Sheet, weka tiki "Except certain cells", andika A2:C31, kisha "Only you". Hapo F na G hazigusiki. Jioni hiyohiyo funga na mistari iliyokwisha kujazwa, maana sharti la C halimzuii mtu kumfuta mwenzake kwanza ndipo achukue zamu yake.

Mwalimu wa Masasi
Sisi tuligombania projekta hivyohivyo. Kilichotuponza ni mtandao. Walimu wawili walijaza simu zikiwa hazina neti, kila simu ikaona zamu iko wazi. Neti iliporudi zikaingia zote mbili.

Fundi wa Majedwali
Hilo sharti haliliwezi, mwalimu. Kila simu inakagua kwa inachokiona. Mimi huongeza rangi nyekundu kwenye C2:C31 kwa Conditional formatting:

```
=COUNTIF($C$2:$C$31,$C2)>1
```

Ukiona mistari miwili myekundu, kwenye kompyuta bonyeza kulia seli, "Show edit history", utaona nani aliandika lini. Ila kama umegawa linki kwa yeyote, walioingia bila akaunti hawaonekani majina.

Mwana wa Katibu
Wazee wetu wengi hawana akaunti, wanajaziwa na wajukuu. Na wakigongana, saa inayoonyeshwa si ya neti iliporudi? Aliyeandika kwanza kwa mkono nitamjuaje?

Mwalimu wa Masasi
Sisi tulirusha shilingi.