Naomba ushauri: shairi langu lina mistari 44, shindano linataka 40

MtunziBweyale
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Niko Bweyale, wilaya ya Kiryandongo. Kuna shindano la ushairi wa Kiswahili, dhamira ni "Mto", na mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa sita usiku. Masharti yanasema shairi lisizidi mistari 40, liwe kazi asilia ya mshiriki, na jina lake lisionekane popote. Langu ni tarbia ya beti 11, kwa hiyo mistari 44. Je, nikiunganisha mistari miwili iwe mmoja watagundua? Shairi hili nimelilalia na kuliamkia miezi mitatu, sitaki kulikata.

Boda_Arua
Kata, kaka. Mimi nilitunga juu ya mto wetu Enyau nikapeleka beti 15 mahali walipotaka 10. Nilidhani utamu wake utawalainisha. Hata salamu sikujibiwa. Mpaka leo beti zile nazisoma peke yangu nikisubiri abiria stendi.

Kalamu_Kasese
Mstari ni kile kinachoonekana kwenye karatasi. Punguza ukubwa wa herufi, unganisha, mambo yaishe. Na jina usiliandike chini ya shairi, hapo sharti la jina umelitimiza.

Mzee_wa_Tarbia
Kalamu, kwa jina umesema nusu. Kwa mistari umepotea. Anayesoma tarbia hahesabu karatasi, anahesabu vina. Mstari una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Ukiunganisha miwili, jicho lake litakutana na mizani 32 na vina vinne mahali pa viwili. Atajua kabla hajamaliza ubeti wa kwanza.

Na kuna kosa la upande wa pili. Wapo wanaoandika ukwapi mstari wake na utao mstari wake, ubeti mmoja ukaonekana una mistari minane. Beti 10 zikawa mistari 80, na anayepokea kazi, ambaye huenda si mshairi, akaiweka kando. Weka kipande na mwenzake kwenye mstari mmoja, mkato katikati. Ukurasa ukiwa mwembamba, ulaze.

Sasa kijana, nieleze: ubeti wako wa 11 unasema nini?

MtunziBweyale
Ni ubeti wa tamati, mzee. Nimetaja jina langu na kijiji, kama nilivyofundishwa.

Mzee_wa_Tarbia
Basi huo ndio unaotoka, na umebaki na 40 kamili. Najua unauma. Mwana Kupona alitaja jina lake, Pate alikozaliwa, hata mwaka wa 1275 wa Hijria, ambao ni 1858, yote ndani ya utenzi wenyewe. Kwetu kujitaja mwishoni ni adabu. Lakini shindano la majina yaliyofichwa linataka kinyume chake, na mshairi wa Kiswahili hunaswa hapo kuliko mahali pengine popote, kwa sababu anakagua chini ya ukurasa na kusahau ubeti wa mwisho.

Kama unataka tamati ibaki, toa ubeti mwingine, kisha ugeuze tamati yenyewe. Natunga mfano hapa hapa. Badala ya kusema:

Tamati nimefikia, kalamu naweka chini,
Mwana mvuvi natia, jina langu hadharani,

sema:

Tamati nimefikia, kalamu naweka chini,
Mto ninawaachia, muutunze kwa makini,

Vina ni vile vile, mizani ni zile zile, na aliyetunga hajulikani.

BintiBombo
Na faili lenyewe, ndugu. Nafundisha Kiswahili, na niliwahi kusaidia kupokea kazi za wanafunzi. Shairi safi, halina jina, lakini faili limeitwa kwa jina la mtoto na shule yake. Ipe faili jina la shairi tu. Kisha kwenye Word ya kompyuta fungua `File > Info > Check for Issues > Inspect Document`, ufute taarifa za mwandishi. Kama umeandikia kwenye kompyuta ya kafe, huenda jina lililomo ni la mwenye kafe. Nalo lifute.

MtunziBweyale
Asanteni sana. Tamati nitaigeuza. Ila kibwagizo siwezi kukigusa, hicho kibaki kama kilivyo.

Mzee_wa_Tarbia
Nani amekuambia ukiguse?

BintiBombo
Kibwagizo kina nini, ndugu?

MtunziBweyale
Si changu chote. Ni cha mwalimu wangu, alifariki 2019. Alikuwa na shairi juu ya mvua, nikachukua kibwagizo chake nikabadilisha neno moja, mvua ikawa mto. Beti zote nimezitunga mimi. Yeye mwenyewe alitufundisha kujibu mashairi na kutunga takhmisa, kwa hiyo sioni kosa. Ni kumuenzi. Na fomu ya ushiriki nimekwisha kuijaza na kuituma, nimebakiza shairi tu.

Boda_Arua
Pole kwa msiba. Mama mjane akikuruhusu, tuma.

Mzee_wa_Tarbia
Ruhusa ya mjane ni jambo jema, na kwa sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 ni ya lazima, kwa sababu haki ya mtunzi huendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini ruhusa inakuondolea wizi tu. Haifanyi maneno yawe yako, na sharti ulilosaini linasema kazi asilia.

Hesabu nami. Kibwagizo kinarudi kila ubeti. Beti 10, mara 10. Katika mistari 40, 10 ni ya mwalimu, robo ya shairi. Na kibwagizo kinaamuru vina: kwa vile umekifuata, utao wa mistari mingine 30 umefungwa na kina alichokichagua yeye. Takhmisa ni sanaa halali, nami nimezitunga, lakini hupelekwa mahali wanapoipokea kama takhmisa, mwenye shairi la kwanza akitajwa. Neno moja lililobadilishwa halikuokoi. Msomaji akilijua shairi la mvua, ataona umelificha.

Shahidi77
Mimi siiamini hadithi hii. Kwanza mistari, halafu jina, sasa marehemu. Kuna mtu alishawahi kuja humu na machozi hivi hivi, kumbe alitaka tumtungie beti za kupeleka. Kama shairi lipo, liweke hapa lote tulione.

Kalamu_Kasese
Kweli, liweke. Hata mimi nimeanza kutia shaka.

MtunziBweyale
Shairi lipo! Nililighani matangani kwake, watu walilia. Naliweka sasa hivi mjionee.

Mzee_wa_Tarbia
Usiliweke. Shahidi, shaka yako ni haki yako, lakini unachomwomba kitamtoa mashindanoni. Ukurasa huu unasomwa na kila mtu. Shairi likikaa hapa limechapishwa, na mwamuzi akitafuta mstari mmoja atalikuta pamoja na Bweyale na habari zote za mwalimu. Bora adhaniwe mwongo humu.

BintiBombo
Matangani kuna aliyekurekodi?

MtunziBweyale
Yupo. Sauti ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wake.

BintiBombo
Yasome tena masharti, tazama kama yanataja kazi iliyowahi kusambazwa. Kama yako kimya, waulize waandaaji kwa maneno ya jumla, bila kutaja kichwa cha shairi: je, kughani mbele ya watu kunahesabiwa? Wengine hukubali, wengine hukataa.

Shahidi77
Mimi bado sijaridhika.

MtunziBweyale
Nimewaandikia, sijajibiwa. Shairi la mwalimu nitaliacha kwa familia yake. Natunga kibwagizo kipya, na utao wote inabidi niuanze upya. Nimepata kimoja lakini kinanikwaza, ukwapi una mizani saba. Nimekiweka hapa chini: [imefutwa na mwandishi]

Mzee_wa_Tarbia
Vizuri umekifuta. Nilikiwahi. Neno lako la pili lirefushe kwa silabi moja, kisha uhesabu kwa vidole, kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa.