Shabiki anazunguka darini, halafu mimi ndiye nisiyejua Kiswahili?!

Kalamu_Kali (mwenye uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule jamaa, mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule wa "hadithi asilia zilizotungwa moja kwa moja kwa Kiswahili", leo kanivua nguo mbele za watu.

Kazi yangu ni kukagua hadithi zake, zinazotungwa na mashine ya akili bandia. Tulikubaliana kwamba mashine itunge kwa Kiswahili tangu sentensi ya kwanza, siyo itunge kwa Kiingereza halafu igeuze. Nafungua faili la kwanza. Kijana yuko kitandani, joto limemnyima usingizi. Sentensi ya nne, nanukuu: "Shabiki alikuwa akizunguka polepole juu ya kichwa chake."

SHABIKI.

Nikafuta miwani. Nikasoma tena. Kijana kalala chali, na juu yake kuna mtu mzima kavaa jezi, na vuvuzela mdomoni, anazunguka polepole. Haanguki. Wala hakuna anayeshtuka humo ndani! Mama mtu anaingia, anawaona wote wawili, anafunga dirisha, anatoka zake.

Nikamwandikia kistaarabu kabisa: ndugu, hii imetafsiriwa. Kiingereza kina neno moja, "fan", kwa mpenzi wa timu na kwa pangaboi. Kiswahili hakijawahi kuwachanganya hao wawili, hata kwa kuteleza ulimi. Jibu lake, kwenye kundi, watu wote wanasoma: "Hiyo ni taswira. Labda Kiswahili chako ni cha darasani."

TASWIRA! Mtu kaning'inia darini, naambiwa taswira!

Basi nikachukua muda wangu kusoma hadithi nzima. Aya inayofuata: "Yeye aliamka saa saba asubuhi. Yeye aliosha uso wake. Yeye alivaa viatu vyake. Yeye alienda kwa mjomba wake, kaka wa baba yake." Saa saba asubuhi iko sayari gani? Na mjomba aliyezaliwa tumbo moja na baba? Ukurasa mmoja nimehesabu "yeye" 19, na -ka- ya kusimulia hakuna hata moja ya kulambishia.

Hayo yote ningemezea. Shabiki simezi. Nikifumba macho namwona anazunguka.

Kibogoyo77

Pole mkuu. Ila huyo shabiki ni wa timu gani? Kwa msimu huu wangu mimi, hata mimi ningepanda darini.

FundiWaya

Pangaboi likizunguka polepole usikimbilie kununua jipya. Mara nyingi ni kapasita imechoka. Mota inaunguruma, mapanga yanajivuta kama yamelazimishwa. Badilisha kapasita, weka yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani.

Kalamu_Kali

Fundi, hebu soma uzi. SINA pangaboi bovu. Nina SHABIKI.

FundiWaya

Sawa, lakini linazunguka polepole au halizunguki kabisa?

Msomi_Mtarajiwa

Mkuu unajisumbua kuhesabu "yeye". Mimi natumia njia fupi. Bonyeza kutafuta, andika "amba". Ukikuta ambaye, ambayo, ambao zimejazana, hiyo imetafsiriwa, funga faili. Mswahili husema "anayekuja", hasemi "ambaye anakuja". Hiyo amba ni pandikizi la Kiingereza.

Bi_Sarufi

Mwanangu Msomi, umeshika mkia ukadhani umemshika ng'ombe mzima. Hebu niambie "mtu ambaye hakuja" bila amba. Au "mtu ambaye amefika". O-rejeshi inakubali kukaa na -na-, na -li-, na -taka-, ikifika kwenye -me- au kwenye "hakuja" haina pa kukaa. Kwa hiyo mwandishi mzuri kabisa atakuwa na amba kadhaa, tena kwa haki. Cha kutazama ni pale ambapo nafasi ya "alipofika" ilikuwa wazi, naye akaandika "wakati yeye alifika". Ukiona hivyo mara moja, pita. Ukiona hivyo kila aya, mwite mwenye mali.

Kalamu, wewe una haki, ila umeweka vitu vya uzito tofauti kwenye kapu moja. Chukua ile aya yako ya kuamka. Mtu anayefikiri Kiswahili angesema: "Aliamka saa moja asubuhi, akanawa uso, akavaa viatu, akaenda kwa baba yake mdogo." Tazama kilichotokea. "Yeye" zote zimeanguka zenyewe, maana a- ya kitenzi imeshamtaja mtu. "Wake" na "vyake" zimeanguka, kwani angenawa uso wa nani? "Kuosha" imekuwa "kunawa", kwa sababu uso hunawa, sufuria ndiyo huoshwa. Na -ka- imezishona sentensi nne zikawa moja. Yule mwingine kazikata palepale Kiingereza kilipoweka nukta, kila moja na -li- yake, kama mtoto anayesoma orodha.

Lakini hapa ndipo jamaa yako anaweza kukuponyoka. Mashine iliyolishwa Kiingereza kingi hutunga Kiswahili chenye mifupa hiyohiyo hata isipotafsiri chochote. Atakwambia, "ndivyo ilivyotunga yenyewe", na kwa "yeye" 19 huna cha kumjibu. Zinatia shaka, hazifungi kesi.

Kinachofunga kesi ni kosa ambalo halina njia ya kuzaliwa ndani ya Kiswahili. Jiulize: mwenyeji angelikoseaje hili? Makosa ya mwenyeji hutoka sikioni. Ataandika "alafu" badala ya "halafu", "garama" badala ya "gharama", atatenganisha "nime fika". Hata awe amelewa, hatoki kwenye pangaboi akaangukia shabiki, kwa sababu sauti hazifanani na maana hazigusani. Njia pekee kati yao inapita Kiingereza. Kwa hiyo mshike kwa shabiki, hayo mengine yawe mashahidi tu.

Kalamu_Kali

Bi Sarufi, nimekuelewa, shikamoo yako. Na saa saba asubuhi je? Hiyo si inafunga?

Bi_Sarufi

Marahaba. Inakaribia sana. Ingekuwa tarakimu, "7:00 asubuhi", ningenyamaza, maana sote tunaona hivyo kwenye simu na tunasoma saa moja bila kufikiri. Lakini aliyeandika "saba" kwa herufi amesoma namba ya Kiingereza, hakusoma jua. Mjomba ndiye dhaifu. Siku hizi kuna vijana wanaomwita mjomba kila mwanamume mwenye mvi. Ila hapo kajichongea mwenyewe alipoongeza "kaka wa baba yake".

Ngoja_Nicheke

Samahani wakuu, mimi nimekwama juu kule. Mwenye uzi kaandika "nikachukua muda wangu kusoma". UKACHUKUA MUDA WAKO? Uliuchukua wapi, kabatini? Mswahili husoma taratibu, husoma bila haraka. Huyu naye katafsiriwa! Mkaguzi akaguliwe 😂😂

Kibogoyo77

😂😂😂 Jamani uzi umempindukia mwenyewe.

Kalamu_Kali

Nilikuwa na hasira! Mtu mwenye hasira hasahihishwi! Na hata hivyo kuchukua muda si sawa na kumtundika binadamu darini. Msitake kunisahaulisha. Kaniambia TASWIRA.

Bi_Sarufi

Ngoja ana hoja, lakini hiyo inakuonyesha ugumu wa kazi. Maneno kama hayo yameshaingia vinywani mwetu. Ukikuta "mwisho wa siku" kwa maana ya "hatimaye", zamani ningeapa ni tafsiri. Leo nayasikia kwa watu ambao hata Kiingereza hawakijui. Hayo hayathibitishi tena kitu.

Mzee_wa_Magharibi

Sasa mmefika kwangu. Hiyo "mwisho wa siku" ni sumu, na vijana ndio mnaoinywesha lugha. Na kuna baya zaidi. Zamani siku ilianza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ulikuwa ni ule tunaolala kuamkia Ijumaa. Leo kijana ananialika arusi "usiku wa Ijumaa", naenda Alhamisi, nakuta milango imefungwa. Nimerudi na zawadi mkononi. Nani ataniomba radhi?

Msomi_Mtarajiwa

Mzee, kwani kadi haikuwa na tarehe?

Mzee_wa_Magharibi

Tarehe ilikuwepo. Sikuitazama. Kulikuwa na haja gani, wakati siku inajulikana?

Ngoja_Nicheke

Kwa hiyo hata mzee hatujui kama alienda mapema au sisi ndio tulichelewa. Nafunga kazi leo.

Msomi_Mtarajiwa

Turudi kwenye mada. Bi Sarufi, kama mashine inatunga na mifupa ya Kiingereza, na watu nao wanasema "mwisho wa siku", sasa tafsiri iliyofanywa vizuri, isiyo na shabiki, utaitambuaje?

Bi_Sarufi

Moja moja, mara nyingine siitambui, sikudanganyi. Nikiwa na mia ndipo naanza kuona. Natazama kilichokosekana kuliko kilichoharibika. Hadithi mia na hakuna mlango uliofungwa "ndi", hakuna giza "totoro", hakuna maji "baridi bariidi", hakuna mtu aliyesema "loo" wala "ala!". Kiingereza hakina pa kuyaweka hayo, kwa hiyo mfasiri hapati cha kufasiri. Hata hapo, huenda ni mashine iliyotunga kavu tu. Nikibanwa, nasema nashuku, sisemi nina hakika.

Mzee_wa_Magharibi

Na mialiko je, ataikagua nani?

Kalamu_Kali

Wakuu, kanijibu tena sasa hivi kwenye kundi! Amesahihisha! Kaondoa shabiki, kaweka: "Mpenzi alikuwa akizunguka polepole juu ya kichwa chake." MPENZI! Sasa imekuwa hadithi ya watu wazima!

Kibogoyo77

Hiyo nitainunua mimi.

Bi_Sarufi

Hapo kesi imejifunga yenyewe, mwanangu. Katafuta kisawe cha shabiki, hakurudi kwenye chumba kuangalia ni kitu gani kinazunguka. Hifadhi matoleo yote mawili.

Asha_wa_Ghorofani

Habari zenu, mimi mgeni kwenye uzi huu. Nimesoma pale juu kuhusu kapasita. Langu linaunguruma na halianzi kuzunguka mpaka nilisukume kwa fimbo ya ufagio. Ndiyo hiyo hiyo?

FundiWaya

Ndiyo hiyo dada. Zima umeme kwenye swichi kubwa kwanza, siyo ya ukutani peke yake. Halafu niambie, shabiki wako ana mapanga matatu au manne?