RCD inajizima masika: nizime breka moja moja, nipimishe mega, au niweke RCD kila laini?

Mkazi_wa_Mbezi
Wakuu, poleni na mvua. Nyumba yangu ina RCD moja ya 30 mA, ile swichi inayokata umeme ukivujia ardhini, na chini yake breka ndogo sita: taa za ndani, taa za nje, soketi za sebuleni, soketi za jikoni, hita ya kuogea na pampu. Kiangazi chote imetulia. Mvua ikishapiga siku mbili mfululizo inaanza kujizima, na si lazima iwe inanyesha saa hiyo. Juzi imezima saa mbili usiku nyota zinaonekana, mama watoto kaweka birika tu. Ukiirudisha inakaa, pengine nusu saa, pengine hadi asubuhi.

Nimeambiwa njia tatu. Kuzima breka moja moja hadi nimjue mwenye makosa, ambayo ni bure. Kumwita fundi mwenye mega, kile chombo cha kupima kama ngozi ya waya inavujisha. Au kung'oa breka zote na kuweka zile zenye RCD ndani yake, kila laini na yake. Mngeanza na ipi?

Kichwa_Maji
Ya bure. Zima taa za nje kwanza, maana mvua inanyesha nje, haikunyeshei sebuleni. Ikitulia umempata. Isipotulia, washa hizo, zima pampu, endelea hivyo. Mega ni ya kumpa fundi sababu ya kukutoza.

Bibi_Kisauni
Mimi niko Mombasa, yangu ilikuwa hivyo hivyo na tukaipata kwa kuzima tu. Hita ya shawa. Breka yake ikiwa chini, nyumba shwari wiki nzima. Ikipandishwa, haimalizi siku. Kuifungua, koili imepasuka inavujisha kwenye maji. Usisumbuke na vyombo, mwanangu.

Mkazi_wa_Mbezi
Shikamoo bibi. Hita nimeizima tangu Jumatatu. Taa za nje nilizizima Jumanne, Jumatano RCD ikaanguka, kwa hiyo hizo nimeshazitoa kwenye orodha. Lakini kuna kitu kimenichanganya: jana nilizima breka zote sita, nikakaa gizani na tochi. Baada ya dakika arobaini RCD ikajizima yenyewe. Hakuna hata balbu inayowaka! Si ndiyo kusema RCD yenyewe imekufa?

Laini_Tatu
Usiinunulie mrithi bado, na taa za nje zirudishe kwenye orodha. Ulichokiona jana ndicho kinachotoa siri.

Breka zako ndogo zinakata laivu peke yake. Nyutro zote sita zimekaa kwenye baa moja, zimeungana muda wote, breka iwe juu au chini. Sasa kama kuna nyutro imegusa ethi mahali fulani, kuzima breka hakuitenganishi. Na nyutro si waya uliolala. Mkitumia umeme wewe na majirani wa laini hiyo, inabeba volti chache ukilinganisha na ardhi. Volti hizo zinasukuma mkondo kupitia hapo palipogusana, hadi kwenye rodi yako ya ethi. RCD inaona upande wa nyutro una kitu ambacho laivu haina, inakata. Nyumba yako iko gizani, lakini ya jirani inawaka.

Na mvua? Chukua mfano. Nyutro ina volti 2, rodi yako kwenye udongo mkavu ina omu 100. Unapata 20 mA. RCD nzuri ya 30 inaruhusiwa kukata popote kati ya 15 na 30, kwa hiyo yako inaweza kuvumilia. Udongo ukilowa, rodi ileile inashuka hadi omu 60, inakuwa 33 mA. Maji hayajaingia kwenye waya wowote. Yameingia ardhini tu. Birika linaongeza volti za nyutro, ndiyo maana linaonekana mkosaji.

Kwa bibi wa Kisauni laivu ndiyo iliyokuwa inavuja, na laivu breka inaikata. Njia yake ilikuwa sahihi kwa ugonjwa wake.

Kichwa_Maji
Sawa, lakini mimi bado nasema ni nje.

Mama_Yuniti
Samahani naingilia. Kumbe ndiyo maana yuniti zangu zinaisha haraka kipindi cha mvua? Nami nina hiyo breka.

Laini_Tatu
Hapana mama. Hata ukivuja 30 mA za laivu mchana na usiku ni wati 7 hivi, haifiki robo yuniti kwa siku. Angalia friji au hita.

Duka_la_Vifaa
Kuna njia ya nne hamjaitaja: klampu ya kupimia mvujo. Si ile ya kawaida ya ampea 400, hiyo haisikii kitu. Hii inasoma hadi chini ya 1 mA. Unazungushia laivu na nyutro kwa pamoja, chombo kinaonyesha tofauti yao. Uzuri wake unapima nyumba ikiwa inatumika na mvua inanyesha. Juzi kwa mteja ilisoma 9, tukawasha birika kwenye laini nyingine kabisa, ikapanda hadi 21. Hapo ni nyutro. Ingekuwa laivu inavuja, birika la laini nyingine lisingeibadilisha. Ubaya ni bei, na boksi linakuwa wazi lina umeme, kwa hiyo si kazi ya mwenye nyumba.

Mkazi_wa_Mbezi
Klampu sijampata mwenye nayo. Mega nimempata, kijana mwenye leseni ya EWURA, kesho asubuhi. Nimwambie nini?

Laini_Tatu
Azime meni swichi na ahakikishe hakuna umeme kabla ya kugusa. Waya zinazoingia juu ya swichi zinabaki na umeme. Kisha afungue nyutro zote sita kutoka kwenye baa, kila moja aiwekee alama, apime kila nyutro na ethi kwa volti 500. Vifaa vyote vichomolewe, mkifanya masihara mtapima friji. Chini ya megaomu 1 ni mgonjwa. Asitumie multimita badala yake: volti zake chache hazionyeshi waya uliochoka, ingawa iliyogusana kabisa itaonekana.

Mkazi_wa_Mbezi
Mrejesho. Tano zimesoma zaidi ya 50. Ya sita imesoma sifuri, na ni ya taa za nje. Taa ziko nne, tumezifungua zote. Ya getini ilikuwa na kikombe cha maji na sisimizi, tukashangilia, tukaikausha na kuitenga, mega bado sifuri. Mkosaji alikuwa taa ya mlango wa jikoni, chini ya paa, pakavu kabisa. Skrubu ya kifuniko imebana waya mweusi kwenye boksi la chuma nyuma ya taa, ngozi imekatika, shaba inang'aa. Taa hiyo imefungwa Novemba. Tumekata, tumeunga upya, imesoma 40.

Siku ya nne leo, mvua mbili kubwa, RCD haijashuka.

Kichwa_Maji
Nilisema nje.

Bibi_Kisauni
Ulisema mvua, babu.

Duka_la_Vifaa
Na zile breka zenye RCD kila moja, bado unazitaka? Ningekuwa wewe ningeweka mbili tu, ya nje na ya hita, ili kosa la nje lisizime friji.

Laini_Tatu
Aangalie aina. Nyingi za ukubwa wa breka moja zinakata laivu tu, kwa hiyo kosa kama hili zingelionyesha, lakini nyutro ingebaki imegusa palepale. Na nyutro ya kila laini lazima iingie kwenye breka yake. Wakizichanganya kwenye baa zitaanguka siku ya kwanza.

Mkazi_wa_Mbezi
Hilo la pesa tusubiri mwisho wa mwezi. Ile ya getini niliyoimwaga maji, nizibe na silikoni au nitoboe tundu chini itiririshe? Kijana anasema ziba, jirani anasema toboa.