Naomba ushauri: kidonge gani cha usingizi kinamfaa mtu anayeachia pombe nyumbani?

Msafiri wa Sao Hill (Jumapili, saa 8:10 mchana)
Kamwene ndugu zangu. Kaka yangu ana miaka 43, ni mpasua mbao huku Mufindi, na amekunywa ulanzi tangu ujana wake. Ukoo umekaa kikao na kukubaliana kwamba aache kabisa. Tunapanga akae siku saba kwa baba mdogo, kijijini, mbali na vilabu, akila vizuri na kuombewa. Nimesikia kwamba usiku wa mwanzo huwa mgumu, kwa hiyo naomba mnitajie kidonge cha usingizi na idadi ya kumpa. Uamuzi wa kumweka nyumbani umekwisha kupita, sihitaji ushauri juu ya hilo.

Mzee wa Komoni
Mpeni magogo apakie kuanzia alfajiri. Sijaona mpakia magogo aliyekosa usingizi.

Binti Rungwe
Baba yangu aliacha siku moja tu, Pasaka ya mwaka 2011, hapa Tukuyu. Alitoka jasho siku tatu, akawa mkali kwa kila mtu, tukampa uji wa ndizi na maji ya ndimu ili sumu itoke. Siku ya nne aliamka akaenda kupalilia chai, na hadi leo hajaonja. Usimtie hofu kaka yako, wala usimpe vidonge. Mwili unajisafisha wenyewe.

Mchungaji Msaidizi
Mtu aliyeifanya pombe kuwa mungu wake hawezi kuivua kwa kidonge. Je, yeye mwenyewe ametubu, au ni ukoo ndio uliotubu kwa niaba yake?

Mlezi wa Wodini
Ndugu Msafiri, nimehudumu wodini miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lako la kidonge siwezi kulijibu kabla hujanijibu mengine. Anakunywa kiasi gani kwa siku, na je, hunywa asubuhi ili mikono itulie? Mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini, siku na saa? Amewahi kujaribu kuacha, na siku zile kilitokea nini?

Msafiri wa Sao Hill
Shikamoo mama. Hunywa kama wapasua mbao wengine wanavyokunywa. Asubuhi hupata kidogo, kweli, kwa sababu bila hivyo hawezi kuushika msumeno. Aliwahi kujaribu kuacha mwaka jana, akashindwa. Kuhusu kidonge, jirani anacho kile cha njano alichoandikiwa mama yake. Je, kinafaa?

Mlezi wa Wodini
Marahaba mwanangu. Umeniruka mahali pawili. Hukutaja saa aliyokunywa mara ya mwisho, na hukusema alishindwa vipi. Watu wengi hushindwa kwa sababu ya hamu tu, lakini wengine hushindwa kwa sababu mwili uliwaangusha.

Msafiri wa Sao Hill
Nitasema ukweli, ingawa nyumbani tulikubaliana lisitoke nje. Mwaka jana, siku ya pili bila pombe, alianguka jikoni akatupa mikono na miguu, akang'ata ulimi, akajikojolea. Baada ya hapo alilala kama saa nzima na alipoamka hakutujua. Baba mdogo alisema amerogwa na mwenzake wa kazini, akapelekwa kwa mtaalamu, na jioni ile ile akapewa ulanzi, akatulia. Na si kwamba tunapanga. Tumeshaanza. Alikunywa mara ya mwisho Ijumaa saa mbili usiku na tangu hapo yumo chumbani, ufunguo anao baba mdogo. Leo anatetemeka, lakini mnaijua baridi ya Mufindi mwezi huu wa Agosti.

Naomba msituone wabaya. Yeye mwenyewe alikubali akiwa na akili zake. Hospitali iko mbali, na mtu akionekana amelazwa kwa ajili ya pombe, kesho hakuna atakayempa kazi. Tumeshavuka karibu siku mbili, kwa nini turudi nyuma?

Mlezi wa Wodini
Kwa sababu siku mbili hizo si mlima mliokwisha kuupanda. Pombe hutuliza ubongo, na ubongo wa mtu anayekunywa kila siku kwa miaka hujizoeza kuisukuma, kama mtu anayesukuma mlango unaozuiwa na mwenzake upande wa pili. Yule mwenzake akiondoka ghafla, anayesukuma anaanguka kifudifudi. Kutetemeka huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya glasi ya mwisho. Kuanguka kifafa hutokea zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuchanganyikiwa kwenyewe, ambako mtu huwaka homa, moyo humwenda mbio na hajui aliko, mara nyingi huja kati ya siku ya pili na ya nne, wakati familia imeanza kupumua. Hali hiyo huua. Wewe sasa uko saa ya arobaini na mbili.

Kuhusu baridi, jitoe shaka namna hii. Mwambie anyooshe mikono mbele, vidole vimeachana, na umtazame shingoni na kifuani chini ya blanketi. Baridi haimtoi mtu jasho. Kisha mwulize yuko wapi, leo ni siku gani, na wewe ni nani. Nijibu alichosema, usinijibu unachotumaini.

Binti Rungwe, sikatai habari ya baba yako, kwa maana wengi hupita kama alivyopita yeye. Lakini aliyekwisha kuanguka mara moja alipoacha yuko karibu zaidi na kuanguka tena, na kila jaribio la ghafla huelekea kuwa baya kuliko lililotangulia. Ndimu haina kazi hapo. Kinachomtikisa si sumu iliyobaki mwilini, ni pombe ambayo ubongo wake umeikosa.

Jicho la Mwewe
Samahani, lakini mimi nimezaliwa Iringa na habari hii ina tundu. Ulanzi hugemwa wakati wa mvua. Mwezi wa Agosti hakuna ulanzi wa kumlewesha mtu kila asubuhi, hata mkangafu umekwisha. Halafu saa nane mlikuwa "mnapanga", sasa hivi tayari kuna mtu amefungiwa siku mbili. Huyu anatunga, na nyinyi mnamfundishia kuandika.

Mzee wa Komoni
Hapo nakuunga mkono. Labda ulanzi wao unahifadhiwa kwenye friji.

Binti Rungwe
Hata mimi nilijiuliza. Mtu ana mgonjwa chumbani, anapata wapi muda wa kuandika aya ndefu hivi?

Msafiri wa Sao Hill
Ninaandika kwa sababu nimekaa nje ya mlango na ufunguo sinao. Kuhusu ulanzi mna haki, niliandika ulanzi kwa kuwa ndiyo pombe isiyoaibisha kuitaja huku kwetu. Ulanzi ulipokauka alihamia gongo, na siku za malipo hununua pombe kali za chupa ndogo, zile za mililita 200, tatu au nne kwa siku. Nilisema "tunapanga" kwa sababu nilijua mtanikemea.

Mama, nimemtazama kupitia dirishani. Ana jasho mpaka shati limelowa. Mikono haitulii. Jina langu amelitaja, lakini anasema leo ni Alhamisi, na amenitaka niwafukuze siafu ukutani. Siafu hawapo.

Jicho la Mwewe
Bado sijashawishika, lakini endeleeni.

Mlezi wa Wodini
Mimi ndugu Jicho nakushukuru, kwa maana swali lako la ulanzi limenipa jibu nililokuwa nimenyimwa. Mtu aliyehama kutoka ulanzi kwenda chupa tatu au nne za pombe kali ameongeza kiasi maradufu na zaidi, na mwaka jana alianguka akiwa na kile kidogo.

Msafiri, mlango ufunguliwe sasa. Siafu na Alhamisi vinatosha, usisubiri aanguke. Tafuteni gari, hata lile la mbao, aende hospitali ambayo inalaza wagonjwa usiku na ina dripu, si duka la dawa. Msimfunge kamba. Njiani mtu mmoja akae naye nyuma, akimwambia kila mara wanakoelekea. Akianguka, mlazeni kwa ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu yake, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, na mtazame saa imechukua muda gani.

Binti Rungwe
Mama, kwa nini asipewe tu kikombe cha gongo atulie, kama mwaka jana? Halafu apunguze taratibu.

Mlezi wa Wodini
Ijumaa ningekubaliana nawe. Kwa mtu aliyezoea kiasi hicho, kuendelea kunywa na kupunguza hadi afike kwa tabibu ni salama kuliko kukata ghafla, ingawa huwafedhehesha wanaosali. Leo amechanganyikiwa, ukimnywesha anaweza kupaliwa, na pombe itaficha dalili ambazo tabibu anatakiwa kuziona.

Na kile kidonge cha njano, kama ni diazepamu, hukukosea sana, maana hospitalini dawa ya jamii hiyo ndiyo hutumika. Ila hupewa kwa kumtazama mgonjwa, wanahesabu pumzi, wanapima presha, wanaongeza au wanasimamisha. Ini lake likiwa limechoka, dawa hukaa mwilini muda mrefu. Nyumbani hakuna atakayejua kama amelala au anazama.

Mkifika, semeni mambo matatu kabla hamjaulizwa: saa ya glasi ya mwisho, kuanguka kwa mwaka jana, na kama amejigonga kichwa siku za karibuni. Damu iliyovujia kichwani, malaria kali au sukari iliyoshuka huweza kumchanganya mtu vivyo hivyo, na wasiosikia habari ya pombe huenda njia nyingine. Mkumbushe tabibu kwa heshima kuhusu vitamini B1, yaani thayamini, ya sindano. Walevi wa muda mrefu huwa wameishiwa nayo, na sukari ya dripu ikitangulia bila hiyo inaweza kuudhuru ubongo.

Mchungaji Msaidizi
Na maombi je?

Mlezi wa Wodini
Ombeni ndani ya gari.

Mzee wa Komoni
Nafuta utani wangu wa magogo. Viroba vilipopigwa marufuku mwezi Machi 2017, nilikuwa na kibanda Mwanjelwa. Mteja wangu mmoja alikuja siku ya pili akitetemeka, akanyoosha pesa, nikamcheka kwamba serikali imemwokoa. Sikumwona tena. Mpaka leo sijui kama alihama au alikufa.

Msafiri wa Sao Hill (saa 4:35 usiku)
Tumefika. Baba mdogo alikataa kufungua, nikang'oa bawaba kwa tindo. Kaka alianguka mara moja njiani, kama dakika mbili, tukamlaza kwa ubavu kama ulivyosema. Muuguzi aliuliza maswali yale yale matatu na nilikuwa nayo tayari. Amechomwa sindano, ametundikiwa dripu, na nilipouliza kuhusu vitamini akanijibu kwamba imekwisha kutangulia. Wanasema usiku wa kesho ndio wa kutazamwa zaidi. Bado ananiita kwa jina la marehemu baba.

Jicho la Mwewe
Hospitali gani?

Msafiri wa Sao Hill
Hilo sitaliandika. Akipona anahitaji kurudi kazini kwake.