Picha za plaki za frigo mbili: 220-240V au ya Amerika na transfo, ipi inafaa umeme wa Goma?

duka_la_Himbi
Habari zenu wote. Natafuta frigo ya kuuzia maji na juisi dukani. Nimepata mbili. Moja iko Birere, dola 260, muuzaji anasema inakula 180W. Ingine ilikuja na kontena kutoka Amerika, ni kubwa karibu mara mbili, dola 190, imeandikwa 1.8A. Wamenitumia picha za plaki zote mbili kwenye simu. Ipi itakula kashpawa kidogo?

kilowati
Dada, hapo umetupa wati za moja na ampea za ingine, tutalinganisha nini? Andika kila mstari wa plaki kama ulivyo, hasa ule wenye V na Hz. Na prizi ya dukani kwako inatoa volti ngapi jioni?

duka_la_Himbi
Picha zinakataa kupanda. Naandika ninachoona. Ya kwanza, mwanzo wa mstari umefunikwa na skochi:

```
1:  ..0-240V~  50Hz  1.1A
    DEFROST 180W   15W   R600a 62g
2:  115V~  60Hz  1.8A   R134a
```

Volti za prizi sijui. Taa zinawaka.

kilowati
Hapo sasa tunaongea. Hiyo 180W si ya frigo nzima. Ni ya waya wa moto unaoyeyusha barafu nyuma ya friza, unaowaka dakika chache halafu unazima. Na 15W ni balbu ya ndani, anakuambia usiweke kubwa kuliko hiyo. Wauzaji wengi husoma namba yoyote iliyo karibu na W wakaiita matumizi.

Ya kuangalia ni ampea. 1.1 mara 220 ni kama 242, na hicho ni kiwango cha juu ambacho mashine inaweza kuvuta ikishaanza kutembea, si kile inachovuta mchana kutwa. Ya pili, 1.8 mara 115 ni 207. Kwa hiyo usidanganyike kwamba 1.8 ni nyingi kuliko 1.1, volti zake ni nusu. Ila swali lako la kashpawa halijibiwi na ampea. Tafuta kwenye kibandiko cha mlango kWh za mwaka. Kama hakuna, iwashe saa 24 ikiwa na chupa ndani, mengine yote yamezimwa, usome konteri kabla na baada.

Sasa lile lililofichwa na skochi. Kitu kinachokubali 100-240V karibu siku zote kinaandikwa pia 50/60Hz, nacho ni chaja, televisheni, vitu vya namna hiyo. Frigo yenye 50Hz peke yake na mwisho wake 240, iliyofichwa karibu hakika ni 220. Lakini mwambie atoe skochi apige picha upya. Kukisia si kusoma.

Mwana_Ndosho
Chukua ile kubwa! Dola 70 unazobakiza zinanunua transfo. 207 tu, transfo ya 500VA inatosha na inabaki. Watu wanaogopa 115V bure.

fundi_frigo_BKV
Ndugu Ndosho, 207 ni frigo ikishatembea. Wakati wa kuanza kompresa inavuta mara tano, sita, hata zaidi, kwa nusu sekunde. Dada, ukiweza kufika kwa hiyo frigo, igeuze, nyuma chini utaona kompresa nyeusi yenye plaki yake ndogo. Tafuta herufi LRA, yaani ampea inazovuta wakati wa kuanza, motari ikiwa bado imesimama. Ikiwa ni 12, basi 12 mara 115 ni 1380. Transfo ya 500VA hapo volti zake zinaanguka, motari inanguruma bila kuzunguka, kizuizi cha joto kinakata tak, kinapoa, kinajaribu tena. Mwenye frigo anasikia tak kila dakika mbili anasema gesi imeisha. Kwa hiyo mashine hiyo inataka 1500VA kwenda juu, na si dola 70 tena.

Na jambo moja la kuangalia kwenye picha: fishi. Frigo za Amerika zinakuja na fishi ya vidole bapa. Atelie hapa Bukavu iliingia moja ya 115V ambayo muuzaji alikuwa amekata fishi akafunga ya duara, na pembeni ameandika 220V kwa marka. Mnunuzi akaamini fishi. Ilipochomekwa, balbu ilimulika nyeupe ikapasuka, kompresa ikanguruma kwa nguvu, tak ya kizuizi, kimya. Akadhani ni kuran imekatika, akangoja, ikarudia, na kwa kurudia huko ndiko bobini ya kuanzia ilipoungua. Tulipopima, bobini ya kutembea ilikuwa nzima, ya kuanzia imekatika kabisa, na rele imepasuka vipande ndani ya kifuniko chake. Laiti angechomoa baada ya balbu tu, kompresa ingeokoka. Fishi mpya haithibitishi kitu, na maandishi ya marka vilevile. Plaki ya kiwanda na plaki ya kompresa lazima zikubaliane.

Papa_Kadutu
Na mimi mikrowevu yangu imeandikwa 1200W juu na 700W chini. Hiyo ni 110 au 220?

kilowati
Papa, hiyo haisemi volti. 1200 ni inachovuta ukutani, 700 ni inachoingiza katika chakula. Volti ziko mstari mwingine, karibu na alama ya wimbi ~. Fungua mada yako tusichanganye.

bobinaji_Lshi
Kutoka Lubumbashi. Wote mmeongea volti, hakuna aliyegusa 60Hz. Transfo inabadilisha volti, Hz inaziacha vilevile. Umeme wetu ni 50. Kompresa iliyotengenezwa kwa 60 itazunguka pole, tano ya sita ya mwendo wake, kwa hiyo baridi nayo inapungua karibu sehemu moja ya sita. Feni vilevile. Na kama ina saa ya mitambo ya kuyeyusha barafu, iliyopangwa kila saa 8, itakuwa inafanya kila saa 9 na dakika 36. Barafu inajaa kidogo zaidi, hilo si kubwa.

Kubwa ni moto. Chuma cha motari kinabeba volti kulingana na Hz. 115 kwa 60 ni sawa na 96 kwa 50. Ukiipa 115 kwa 50, umezidisha asilimia 20, chuma kinashiba, ampea zinapanda, bobini inapika mafuta ya kompresa polepole. Haifi siku ya kwanza. Ndiyo maana mtu atakuambia ya kwake inatembea bila tatizo.

Mwana_Ndosho
Basi umenisaidia mimi! Umeme wa Goma jioni unashuka. Transfo ya kugawa kwa mbili, ukutani 190, inatoka 95. Ndiyo ile 96 yako.

bobinaji_Lshi
😄 Hesabu yako ni sawa, sikatai. Kwa 190 motari inapumua vizuri. Lakini usiku wa manane watu wakizima pasi na majiko, ukutani inarudi 230, unatoka 115, na hapo ndipo frigo inatembea bila mtu kuiangalia. Ungetaka transfo yenye tokeo la 100, zipo, zinatengenezwa kwa mashine za Japani. Hata hivyo baridi iliyopungua hairudi.

jua_tu
Mnazunguka bure. Chukua betri na invertor ya 120V 60Hz, frigo ya Amerika haitajua kama imetoka Amerika. Na habari ya umeme kukatika utaisahau.

kilowati
Ni kweli kiufundi, na ndiyo njia pekee iliyotajwa hapa inayorekebisha Hz pia. Lakini invertor hiyo ibebe ule mvuto wa kuanza, itoe wimbi safi, na betri ziwe za kulisha frigo usiku kucha. Dada alikuja na dola 260 mfukoni.

duka_la_Himbi
Jirani ana multimetri. Amepima kwenye prizi: saa moja jioni 178, saa tano usiku 231. Hiyo ni mbaya?

fundi_frigo_BKV
231 ni nzuri. 178 ni chini hata kwa ile ya kwanza. Plaki ikisema 220-240V, mashine huvumilia asilimia kama 10 hivi chini ya 220, yaani karibu 198. Kwa 178 kompresa inaweza kukataa kuanza, na kila ikikataa inajichoma kidogo. Nayo inataka stabilizateri, dada, samahani kwa habari hiyo. Angalia kwenye plaki ya stabilizateri yenyewe inakubali kuingia kuanzia ngapi. Kuna za bei ndogo zinazoanzia 180 au hapo karibu, hiyo 178 yako inabaki nje. Tafuta inayoanzia 140 au 150, ya 1500VA, na yenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5 umeme ukirudi. Kompresa ikizimwa na kuwashwa papo hapo bado ina presha upande mmoja, haiwezi kuanza.

kilowati
Pima tena jioni, frigo ya jirani ikiwa imechomekwa dukani kwako, ikiwaka na ikizimwa. Ikiwa volti zinaruka sana, huenda tatizo ni waya mwembamba kutoka konteri hadi dukani. Kubadilisha mita chache za waya ni rahisi kuliko stabilizateri.

fundi_frigo_BKV
Waya wa duka hauwezi kula volti 50 kwa frigo moja. Hiyo ni laini ya mtaa mzima.

kilowati
Umeona waya wake? Kuna maduka Himbi yanavuta umeme na waya wa spika.

Mwana_Ndosho
Waya wa spika 😂 ni kweli.

duka_la_Himbi
Waya sijui, ni mwenye nyumba aliuweka. Muuzaji wa Birere ametoa skochi ametuma picha mpya. Sasa naona 220-240V vizuri, lakini amepiga na flashi, pale kwenye Hz kuna doa jeupe tupu. Na bei imekuwa 280, eti kuna mwingine anaitaka.

bobinaji_Lshi
Azime flashi, asimame pembeni kidogo, mtu mwingine amulike na tochi kutoka upande wa pili. Namba zitasimama. 50Hz uliiona katika picha ya kwanza, linganisha namba ya seri ya picha zote mbili ujue ni frigo ileile.

duka_la_Himbi
Ya kwanza inaishia na 417. Ya pili nasoma 471 au 477, sina hakika. Nitaenda mwenyewe kesho asubuhi.

Papa_Kadutu
Mikrowevu nimegeuza nyuma. Imeandikwa 110/220V na kuna kibonye chekundu kidogo. Nifanye nini?

kilowati
Usichomeke bado, Papa. Huo mkwaju katikati si sawa na kistari. Kistari kinakubali zote chenyewe, mkwaju unataka wewe uchague. Kibonye kinaonyesha namba gani sasa hivi?